Kuondoa meno ya kitana kwenye kaseti za harusi: Yadif, Bwdif au QTGMC?

Kaseti ninayoizungumzia ni ya MiniDV, ya dakika 60, iliyorekodiwa Wete mwaka 2004 katika harusi ya binamu yangu. Ina nikaha ya mchana, wazee wamekaa kwenye mkeka na kanzu zao na kofia za viua, halafu usiku ina ngoma ya msewe uwanjani. Nilipoihamishia kwenye kompyuta nikaisimamisha pale wachezaji wanaporuka, miguu yao ilikuwa imekatwakatwa mistari myembamba ya kulala, kama mtu amepitisha kitana kwenye picha. Wazee waliokaa walikuwa safi kabisa. Aliyetikisa mkono tu ndiye aliyeota meno.

Hayo meno si uharibifu wa kaseti. Televisheni yetu ya Zanzibar, kamera za video za wakati ule na vidio za VHS zilizokuwa majumbani zilifuata mfumo wa PAL, na katika mfumo huo kamera za kawaida hazikuchukua picha nzima kwa mkupuo. Zilichukua nusu-picha 50 kila sekunde: mara hii mistari ya namba shufwa, mara ijayo ya namba witiri. Kila nusu-picha ina mistari 288, na mbili zikipishanishwa zinajaza fremu moja yenye mistari 576. Televisheni ya kichogo ilizionyesha moja baada ya moja, kwa hiyo jicho liliona mwendo laini. Kompyuta na simu huonyesha fremu nzima kwa pamoja. Mguu uliokuwa hapa katika nusu ya kwanza umeshafika pale katika nusu ya pili, baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde, na nusu zote mbili zimebandikwa kwenye fremu moja. Ndiyo maana kilichotulia kinatoka safi, na kinachokwenda kinaota meno.

Kuna njia nyingi za kuyaondoa. Hapa nalinganisha tatu ambazo nimezitumia kwenye kaseti hii hii, kwa vipande vile vile: Yadif ya fremu 25, Bwdif ya fremu 50, na QTGMC ya fremu 50.

## Kabla ya kuchagua: mambo mawili yanayoharibu kazi kwa njia yoyote

La kwanza ni ukubwa wa picha. Faili lazima liwe na upana wa 720 na kimo cha 576, kama lilivyotoka kwenye kaseti. Mwaka juzi nilipeleka kaseti ya VHS ya familia kwa fundi mmoja anayehamisha video. Alinirudishia faili la 640 kwa 480. Kifaa chake kilikuwa kimebana mistari 576 ikawa 480 bila kuzitenganisha nusu-picha kwanza. Meno yakayeyuka ndani ya picha, yakawa mawimbi manene yanayotambaa kila mtu anapojongea. Faili kama hilo hakuna njia kati ya hizi tatu itakayolitibu, kwa sababu mistari ya nusu ya kwanza na ya pili imeshachanganyika, na haijulikani tena upi wa ipi. Ilibidi kaseti ihamishwe upya. Kwa hiyo meno huondolewa kwanza, kukuza au kupunguza kimo kunafuata baadaye.

La pili ni mpangilio: nusu ipi ilichukuliwa mwanzo. Kaseti ya MiniDV iliyohamishwa kwa waya wa FireWire huanza na mistari ya chini, ambayo kwenye programu huandikwa BFF. Kaseti ya VHS au Video8 iliyopitia kifaa cha USB chenye nyaya nyekundu, nyeupe na njano mara nyingi huanza na mistari ya juu, TFF. Usikisie, pima kwa ffmpeg, programu ya kushughulikia video kwa amri za kuandika:

```
ffmpeg -ss 00:41:10 -i harusi.avi -vf idet -frames:v 1000 -an -f null -
```

Mwishoni utaona mstari ulioandikwa `Multi frame detection`, na hesabu za TFF, BFF na Progressive. Kwenye `-ss` andika dakika ya kipande chenye mwendo mwingi, maana watu waliotulia hawampi mpimaji kitu cha kupima. Kwenye msewe wetu karibu hesabu yote iliangukia BFF. Ukikosea mpangilio kisha ukatoa fremu 50, dalili yake haifichiki: kila kinachokwenda kinapiga hatua mbele, kinarudi nyuma kidogo, kinasonga tena mbele, na picha nzima inatetemeka kama mtu mwenye homa.

Na ukitaka kuona meno yako kwa macho, kumbuka kuwa VLC huyaficha yenyewe wakati wa kuonyesha. Nenda kwenye `Video`, kisha `Deinterlace`, weka `Off`, halafu bonyeza herufi E upite fremu moja moja.

## Vigezo

Nimeangalia mambo manne. Mwendo: je, ulaini wa nusu-picha 50 umebaki? Vitu vyembamba: matundu ya kofia ya viua, ukili wa mkeka, pindo za kanga, yaani kila chenye ukubwa wa mstari mmoja au miwili ya picha. Muda na usumbufu: kompyuta itafanya kazi saa ngapi, na wewe utahangaika kiasi gani kuiandaa. La mwisho ni nani inamfaa.

Nilikata vipande viwili vya sekunde 20, kimoja cha nikaha na kimoja cha msewe. Faili la DV linakatika popote bila hasara, kwani kila fremu yake inajitegemea:

```
ffmpeg -ss 00:41:10 -t 20 -i harusi.avi -c copy msewe.avi
```

Fanya hivyo na wewe kabla ya kuiweka kaseti nzima. Sekunde 20 zinatosha kukuonyesha kila kitu.

## Yadif, fremu 25

Yadif huichukua nusu-picha moja ya kila fremu na kuijazia mistari inayokosekana. Kuijaza, hutazama mistari ya jirani, na pia hutazama nusu-picha za kabla na za baada kujua kama mahali hapo palitulia. Palipotulia huazima mistari halisi, palipo na mwendo hukisia.

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf "yadif=mode=send_frame:parity=bff" -aspect 4:3 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k harusi25.mp4
```

Mwendo. Meno yanaondoka, lakini nusu ya mwendo inaondoka nayo. Kamera ilinasa nyakati 50 kwa sekunde, na wewe umebakisha 25. Kwenye nikaha hilo halionekani. Kwenye msewe linaonekana mara moja: mchezaji anapopiga mguu chini, mguu unaruka kutoka juu hadi chini bila kuonekana njiani, na ngoma inapoteza ule mtiririko tuliouzoea kwenye televisheni.

Vitu vyembamba. Hapa Yadif ya 25 inastahili sifa ambayo watu huisahau. Kwa kuwa daima inaitegemea nusu ile ile, kofia za wazee zinatulia. Matundu ya viua hayachezi. Tatizo lake ni kingo za mshazari zinazokwenda: fimbo ya mchezaji inapoinuliwa, ukingo wake unakuwa ngazi ngazi.

Muda na usumbufu. Ndiyo nyepesi kuliko zote. Laptop yangu ya zamani ilimaliza saa nzima ya kaseti kwa dakika 12 hivi. Asiyependa kuandika amri ataikuta ndani ya programu ya HandBrake, sehemu ya `Filters`, kwenye `Deinterlace`.

Inamfaa nani. Mwenye kaseti za hotuba, mihadhara ya dini, mahafali ya skuli, mahojiano na wazee. Na mwenye kaseti nyingi zitakazotazamwa kwenye simu.

## Bwdif, fremu 50

Bwdif ni ndugu wa Yadif. Inaamua kwa namna ile ile palipotulia na palipo na mwendo, ila inapokisia mstari hutumia hesabu pana zaidi, inayotazama mistari mingi juu na chini. Na kwa kawaida yake hutoa fremu moja kwa kila nusu-picha, yaani 50 kwa sekunde. Yadif nayo inaweza kutoa 50, ukiandika `send_field` badala ya `send_frame`, lakini nilipozilinganisha kwenye msewe kingo za Bwdif zilikuwa laini zaidi, na muda ulikaribiana. Sikuona sababu ya kurudi nyuma.

```
ffmpeg -i harusi.avi -vf "bwdif=mode=send_field:parity=bff" -aspect 4:3 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k harusi50.mp4
```

Mwendo. Hapa ndipo moyo ulipotulia. Nilimwita ami yangu, ambaye yumo kwenye kaseti akiwa kijana, nikamwekea kipande cha fremu 25 kisha cha 50 bila kumwambia kipi ni kipi.

"Hebu rejesha hicho cha pili," akasema. "Hapo miguu inakwenda kama tulivyokuwa tukicheza."

Hajui fremu wala nusu-picha. Lakini alicheza msewe, na anajua mguu unatua vipi.

Vitu vyembamba. Hapa ndipo Bwdif inapolipa gharama ya ulaini wake. Fremu hii imejengwa juu ya mistari ya chini, inayofuata juu ya mistari ya juu, hivyo kwa zamu mara 50 kwa sekunde. Kitu chenye unene wa mstari mmoja kinaonekana kwenye nusu moja na kupotea kwenye nyingine. Bwdif ikikitambua kuwa kimetulia hukiacha kizima, lakini kamera ya mkononi haitulii hasa, na picha ya kaseti ina chembechembe zinazohamahama. Matokeo yake matundu ya kofia na ukili wa mkeka vinametameta. Kwenye skrini ya simu huoni kitu. Kwenye televisheni ya sebuleni ya inchi 50, ukimtazama yule mzee wa mbele, huwezi kuacha kuona.

Muda na usumbufu. Kaseti nzima ilichukua dakika 25 hivi. Fremu zimekuwa mara mbili, na kuzibana ndiko kunakokula muda zaidi kuliko kuondoa meno. HandBrake inayo pia, lakini huko lazima uchague `Bob` ndipo upate 50, na kwenye kasi ya fremu uache `Same as source`. Ukiibana kuwa 25 umerudi kwenye mwendo wa kukatika.

Inamfaa nani. Mwenye ngoma, mchezo wa ng'ombe, mpira, resi za ngalawa, watoto wakikimbia. Na anayetaka ulaini kwa amri moja bila kufunga programu nyingine.

## QTGMC, fremu 50

Hii si kichujio kimoja bali ni mkusanyiko wa vichujio unaofanya kazi ndani ya AviSynth, programu inayoshughulikia video kwa kufuata maandishi unayoiandikia. Yadif na Bwdif huuliza, "Mahali hapa kwenye picha palikuwa na nini kabla na baada?" QTGMC huuliza, "Kile kilichokuwa hapa kimekwenda wapi?" Hugawa picha vipande vidogo, hufuatilia kila kipande kinavyohama kutoka nusu-picha moja hadi nyingine, kisha hutumia ilichokikuta huko kujazia mistari iliyokosekana na kutuliza kumetameta.

```
LWLibavVideoSource("harusi.avi")
AssumeBFF()
QTGMC(Preset="Slow")
```

Mstari wa pili usiusahau. Ndipo unapoiambia mpangilio, na ukiuacha inaweza kufuata mpangilio usio wa kaseti yako. Maandishi hayo yanashughulikia picha tu. Sauti unaichukua kwenye faili la asili wakati wa kubana.

Mwendo. Ni fremu 50, laini kama Bwdif, na kingo za mshazari zimenyooka. Ile fimbo yenye ngazi ngazi ikawa fimbo. Lakini mahali pamoja ilishindwa: wachezaji wawili walipopishana kwa kasi mbele ya taa, mkono wa yule wa nyuma uliacha kivuli chepesi cha fremu moja au mbili, kwa sababu kipande kilichokuwa kikifuatiliwa kilijificha nyuma ya mtu mwingine. Kwa kasi ya kawaida hukioni. Ukipita fremu moja moja, utakikuta.

Vitu vyembamba. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kofia za viua zilitulia tuli, matundu yakahesabika, na mkeka haukumetameta hata kamera ilipokuwa ikisogea polepole kutoka kwa walii kwenda kwa bwana harusi. Kipande hicho nilikirudia mara nne.

Ila kutuliza huko kuna bei. QTGMC husawazisha fremu za jirani, na katika kusawazisha inaondoa sehemu ya chembechembe za kaseti. Wengi wanapenda usafi huo. Kwenye sehemu za giza za ngoma ya usiku, mimi niliona nyuso za watu wa nyuma zimekuwa laini kupita kiasi, kama zimepakwa nta kidogo. Chembechembe zilikuwa zimebeba pia mikunjo ya sura. Ukiona hivyo kwenye kaseti yako, kwa sehemu hizo Bwdif inaihifadhi sura vizuri zaidi.

Muda na usumbufu. Kaseti ya dakika 60 ina nusu-picha 180,000. Laptop yangu ilitengeneza fremu 16 au 17 kwa sekunde, hivyo kazi ilichukua saa tatu. Neno `Slow` unaweza kulibadilisha kuwa `Fast` ukapunguza muda, au `Very Slow` ukalala ukaamka ikiwa bado. Umeme ukikatika katikati na betri imechoka, unaanza upya, kwa hiyo mimi huigawa kaseti vipande vya dakika 15 na kuviunga baadaye.

Lakini saa tatu za kompyuta si tatizo, unaweza kwenda zako sokoni. Tatizo ni maandalizi. Lazima ufunge AviSynth, kisha vichujio vyake vidogo kama MVTools, masktools na nnedi3, na kimoja kikikosekana au kikiwa cha toleo lisilolingana, unapata ujumbe wa kosa badala ya picha. Mara ya kwanza ilinichukua jioni mbili. Programu ya Hybrid huja na vitu hivyo vimeshapangwa, na anayeogopa kuhangaika na mafaili aanzie huko.

Inamfaa nani. Mwenye kaseti chache za thamani atakazozitazama kwenye skrini kubwa, na mwenye kukusanya kumbukumbu ambaye yuko tayari kuilea kazi.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Kama una kaseti 40 za mihadhara na nia yako ni watu wasikilize kwenye simu, Yadif ya 25 itazimaliza kwa siku moja au mbili, na hutapoteza chochote ambacho simu ingekionyesha. Kuzipitisha kwenye QTGMC kungekula zaidi ya saa 100.

Kama ni ngoma au michezo, usikubali fremu 25 hata kidogo. Anzia Bwdif. Ukiiona kwenye televisheni ya sebuleni na hakuna kinachokukera, kazi imekwisha.

Kama unaiweka YouTube, lipo jambo la kujua: pale kasi ya fremu 50 hubakishwa kwa video zenye kimo cha 720 kwenda juu. Faili la 576 litashushwa, na ulaini uliouhangaikia utapotea. Baada ya kuondoa meno, na si kabla, likuze liwe 960 kwa 720:

```
-vf "bwdif=mode=send_field:parity=bff,scale=960:720,setsar=1"
```

Kama ni kaseti ya harusi ya wazazi, na waliomo wengine wameshatangulia mbele ya haki, jaribu QTGMC kwenye sekunde 20 za mchana na sekunde 20 za usiku, utazame nyuso kabla ya mengine yote. Kaseti yetu mwishowe niliigawa: nikaha kwa QTGMC, msewe wa usiku kwa Bwdif, zote fremu 50, zikaungana bila mshono kuonekana kwa sababu kasi ni moja.

Na kama kamera yako ilikuwa ya baadaye kidogo, zile za AVCHD zenye kimo cha 1080, maneno haya ya kuondoa meno yanabaki vile vile, isipokuwa mpangilio huwa TFF, `-aspect 4:3` uiondoe kwenye amri, na muda wa QTGMC utakua mara tano, kwani picha moja ina ukubwa wa tano za DV.

Faili la asili la DV, lenye GB 13 kwa saa, nimelihifadhi kwenye diski mbili na meno yake yote. Moja iko kwangu mjini, nyingine kwa ami Wete.